Mtoki na homa kali zahanatini: kuchagua dawa ya tauni na kuwakinga waliokuwa karibu na mgonjwa

Mwongozo huu ni wa tabibu au muuguzi wa zahanati iliyo mbali na maabara, pale ambapo tauni inajulikana kuwapo au panya wameanza kufa ovyo vijijini. Unahusu saa za mwanzo baada ya mgonjwa kufika, na siku kumi zinazofuata. Tauni ya mitoki isipotibiwa huua kati ya asilimia 30 na 60 ya wanaougua. Ikitibiwa mapema, wengi hupona, tena kwa dawa za kawaida. Hatari ni kwamba dawa tunazozoea kuzikimbilia mtu akija na homa na uvimbe, yaani penisilini, amoksilini, ampisilini na hata seftriaksoni, si za kutegemewa dhidi ya tauni. Mgonjwa anaweza kuchomwa sindano siku mbili mfululizo, wote mkaamini anatibiwa, kumbe ugonjwa unaingia kwenye damu.

Kama mwongozo wa wizara ya afya ya nchi yako unataja dozi tofauti na hizi, fuata wa wizara.

Nitatumia mgonjwa mmoja wa mfano hadi mwisho. Ni msichana wa miaka 8, kilo 23, amebebwa mgongoni na mama yake. Homa ilianza jana jioni kwa kutetemeka, usiku akalalamika kichwa, na asubuhi hii hawezi kunyoosha mguu wa kulia kwa maumivu ya kinena. Joto ni 39.8. Kipimo cha haraka cha malaria kimeonyesha anayo. Kabatini mna jentamaisini, doksisaiklini, septrini na siprofloksasini. Streptomaisini hamna.

Kwanza uliza kikohozi

Kabla hujapapasa uvimbe, uliza mambo mawili: mgonjwa anakohoa? Na je, nyumbani kuna aliyekohoa au kufa hivi karibuni? Tauni ya mitoki peke yake haiambukizi kwa hewa. Mtu huipata kwa kuumwa na kiroboto aliyetoka kwa panya, au kwa kugusa damu au usaha wa mgonjwa au mnyama aliyekufa kwa ugonjwa huo. Lakini mtoki ukiachwa, vijidudu huweza kufika mapafuni, na mgonjwa akianza kukohoa huwaambukiza walio karibu naye. Hao wa pili hupata tauni ya mapafu moja kwa moja, bila mtoki wowote, na bila dawa karibu wote hufa.

Anayekohoa mvalishe barakoa, mweke chumba cha peke yake, na wewe vaa barakoa, glavu na kinga ya macho. Asiyekohoa huhitaji kumfungia. Glavu na kunawa mikono vinatosha, ila msikilize kifua kila siku, maana hali hubadilika.

Swali la vifo liulize kwa upole na kwa maneno ya nyumbani: "Mama, pole sana. Kuna mgonjwa mwingine mliyemuuguza wiki hii? Kuna msiba?" Ukiuliza tu kama kuna mwenye tauni, utajibiwa hapana. Mama wa msichana wetu anasema shemeji yake, baba mdogo wa mtoto, alizikwa juzi. Alikuwa na uvimbe kwapani, na siku mbili za mwisho alikohoa makohozi yenye damu. Jibu hilo tayari limeongeza watu wengine kwenye kazi yako ya leo, na tutawarudia.

Mtoki wa tauni ulivyo

Kinachoutofautisha kwanza ni kasi. Homa huja ghafla, na tezi huvimba saa ileile au katika siku moja hivi. Mara nyingi maumivu hutangulia, ukipapasa huoni kitu kikubwa, lakini mgonjwa anaruka. Kinena ndiyo sehemu ya kawaida zaidi kwa sababu viroboto huuma miguuni. Hufuata kwapa, na shingo hasa kwa watoto. Ngozi ya juu huwa ya moto na imevimba, na kwa kawaida hakuna kidonda kinachoeleza tezi ile. Mgonjwa hukunja mguu au huweka mkono mbali na ubavu ili uvimbe usiguswe. Kuanzia kuumwa na kiroboto hadi homa hupita siku 2 hadi 8.

Tezi ya kifua kikuu hukua kwa wiki nyingi na haiumi hivyo. Mtoki wa ugonjwa wa ngono huja polepole, na ukichunguza sehemu za siri huenda ukaona kidonda. Ngiri iliyonasa huleta kutapika na tumbo kujaa, kwa hiyo chunguza tumbo kabla ya kuingiza sindano yoyote kinenani. Kidonda cha mguu chenye mstari mwekundu unaopanda kinaweza kuvimbisha tezi na kuleta homa. Ukishindwa kuamua kati ya hicho na tauni, tibu vyote viwili: dawa ya tauni, pamoja na kloksasilini kwa ajili ya kidonda.

Kuhusu malaria, penye malaria nyingi mtoto anaweza kuwa na vimelea kwenye damu na bado akawa anaumwa tauni. Kipimo chanya cha malaria hakielezi tezi inayouma kiasi hicho. Mpe dawa mseto ya malaria, kisha endelea na tauni kana kwamba kipimo hakikufanyika.

Usipasue mtoki. Mwanzoni hauna usaha wa kutoka, na kisu hukutapakazia vijidudu wewe na chumba. Ukilainika na kujaa baada ya siku kadhaa za dawa, hapo ndipo unaweza kukamuliwa.

Sampuli, kisha sindano, kwa mkao uleule

Sampuli nzuri huchukuliwa kabla ya dozi ya kwanza, lakini haifai dozi isubiri sampuli. Kama vifaa vipo mezani, ni kazi ya dakika chache. Kama chombo cha kusafirishia kinatakiwa kuagizwa wilayani, toa dawa sasa.

Safisha ngozi juu ya mtoki. Kwa kuwa ndani mara nyingi hakuna majimaji ya kuvuta, ingiza mililita 1 hadi 2 za maji ya chumvi safi kwa sindano, kisha vuta nyuma mpaka upate majimaji yenye damu kidogo. Tone moja liende kwenye kipimo cha haraka cha tauni kama unacho. Hutoa jibu katika dakika 15. Kinachobaki kiende maabara kwenye chombo cha kusafirishia chenye mchanganyiko wa Cary-Blair. Kipimo cha haraka kikiwa hasi na dalili zikikuambia tauni, endelea na dawa. Kikiwa chanya, bado peleka sampuli maabara, kwa sababu huko ndiko watakakothibitisha na kuona ni dawa zipi zinawaua vijidudu hao. Usugu ni nadra katika tauni, lakini upo. Mwaka 1995 huko Madagaska mgonjwa wa mtoki alikutwa na kijidudu kisichosikia streptomaisini, tetrasaiklini wala kloramfenikoli.

Dawa ipi kati ya tatu

Streptomaisini ndiyo yenye historia ndefu. Imetumika kwa tauni tangu miaka ya 1940, na vitabu vingi bado huiweka mbele. Ikiwapo, na mgonjwa si mjamzito, na figo zake ni nzima, ni chaguo zuri. Kasoro zake ni za kikazi zaidi: sindano mara mbili kwa siku, kichupa cha unga kinachohitaji kuchanganywa, na dawa yenyewe kukosekana mara kwa mara. Huathiri masikio na mizani ya mwili, na kwa mjamzito inaweza kumfanya mtoto azaliwe kiziwi. Kwa mjamzito usiitumie kama una njia nyingine.

Jentamaisini ni ya jamii ileile na ina hatari zinazofanana kwa figo na masikio, lakini iko karibu kila kabati, imeshayeyushwa, na inatolewa mara moja kwa siku. Kwa zahanati ya kijijini naiweka ya kwanza kwa mgonjwa anayetapika, aliyechoka sana, au ambaye huna hakika kama vidonge vinamezwa. Kwa mjamzito mwenye tauni ndiyo inayopewa nafasi, na miongozo mingi huongeza siprofloksasini juu yake, kisha apelekwe hospitali. Usitoe streptomaisini na jentamaisini pamoja. Sumu yake kwa figo na masikio itaongezeka, faida haitaongezeka.

Doksisaiklini watu wengi huiona dawa ya mgonjwa asiye na hali mbaya, kwa sababu ni kidonge. Ushahidi hauwaungi mkono moja kwa moja. Utafiti uliofanyika Tanzania na kuchapishwa 2006 uliwagawa kwa bahati nasibu wagonjwa 65, watu wazima na watoto. Kundi moja lilichomwa jentamaisini, jingine likameza doksisaiklini, siku saba. Waliopata nafuu walikuwa asilimia 94 kwa jentamaisini na 97 kwa doksisaiklini. Kwa mgonjwa wa mtoki anayemeza bila kutapika, ambaye shinikizo la damu liko sawa na akili zake ni timamu, doksisaiklini ni tiba kamili. Ndiyo ninayoichagua pia pale mgonjwa ana ugonjwa wa figo, au hakojoi vizuri, au kwao ni mbali na hakuna wa kumchoma sindano kesho. Kidonge kinachomezwa kweli kwa siku kumi kinashinda sindano inayokatika siku ya tatu.

Hofu ya meno kwa watoto walio chini ya miaka 8 isikuzuie. Doksisaiklini kwa siku chache haijaonekana kuharibu meno kama tetrasaiklini za zamani, na ugonjwa huu unaua.

Kuna hali tatu ambazo dawa moja kati ya hizi haitoshi. Mwenye kikohozi na homa, yaani uwezekano wa tauni ya mapafu, na aliyeingia kwenye mshtuko kwa tauni ya damu, wapewe sindano ya jentamaisini au streptomaisini pamoja na siprofloksasini, kisha rufaa. Mwenye shingo ngumu na kuchanganyikiwa huenda ana tauni ya utando wa ubongo. Dawa za jamii ya jentamaisini hazifiki vizuri kule, kwa hiyo anahitaji kloramfenikoli pia. Wote hawa wachomwe dozi ya kwanza kabla ya kupanda gari, na uandike saa ya dozi kwenye barua ya rufaa. Anayekohoa asafiri na barakoa, asipande gari la abiria.

Msichana wetu ametapika mara mbili tangu alfajiri. Anakojoa, hakohoi, kifua ni safi, anajibu akiulizwa. Kwa kutapika huko, aanze na jentamaisini.

Hesabu ya dozi

Jentamaisini ni miligramu 5 kwa kila kilo, mara moja kwa siku, kwenye msuli au mshipa. Kilo 23 mara 5 ni miligramu 115. Sasa soma ampuli kwa makini kabla ya kuivunja, kwa sababu hapa ndipo watoto hupewa dozi pungufu au kubwa kupita kiasi. Ampuli ya kawaida ina miligramu 80 ndani ya mililita 2, yaani 40 kwa kila mililita. Ipo pia ya watoto wachanga yenye miligramu 20 ndani ya mililita hizohizo 2, na zikikaa kwenye boksi moja hufanana. Kwa ampuli ya 80, msichana anahitaji mililita 2.9, ambazo tunazigawa kwenye mapaja mawili. Mtu mzima wa kilo 50 anahitaji miligramu 250, zaidi kidogo ya ampuli tatu, nazo pia zigawanywe sehemu mbili. Ukiona umeandika ampuli moja tu ya 80 kwa mtu mzima, rudia hesabu.

Kama ungekuwa na streptomaisini, angepata miligramu 15 kwa kilo kila baada ya saa 12, yaani karibu 345 kwa dozi. Mtu mzima hupewa gramu 1 kila baada ya saa 12, na hazizidi gramu 2 kwa siku. Soma karatasi ya kiwanda uone kichupa chako kinataka maji kiasi gani, kisha andika juu ya kichupa kila mililita imebeba miligramu ngapi.

Doksisaiklini kwa mtu mzima huanza na miligramu 200 kwa mkupuo, kisha 100 kila baada ya saa 12. Kwa mtoto wa chini ya kilo 45, ni 4.4 kwa kilo dozi ya kwanza, kisha 2.2 kwa kilo kila baada ya saa 12. Imezwe na maji mengi, mgonjwa akiwa ameketi, na asilale papo hapo, la sivyo humchoma umio. Vidonge vya damu, maziwa na dawa za kiungulia vikae mbali nayo kwa saa mbili au zaidi, maana huizuia kuingia mwilini.

Tiba ni siku 10. Si lazima zote ziwe za sindano. Homa ikishatulia na mgonjwa akala bila kutapika, unaweza kumhamishia kwenye doksisaiklini amalizie siku zilizobaki. Kwa msichana wetu hiyo itakuwa miligramu 50 asubuhi na 50 jioni, yaani nusu ya kidonge cha 100, kama vidonge vyako vinakatika vizuri.

Siku tatu za mwanzo

Mweke zahanatini au mpeleke kituo chenye vitanda. Usimrudishe nyumbani siku ya kwanza. Pima joto, mapigo, pumzi na mkojo asubuhi na jioni. Vijidudu vinapokufa kwa wingi baada ya sindano ya kwanza mgonjwa anaweza kudhoofika, kwa hiyo anywe maji ya kutosha, na asiyeweza kunywa awekewe dripu.

Nafuu huonekana kwa homa na uchangamfu, na kwa kawaida huja ndani ya siku mbili au tatu. Mtoki haupimi nafuu. Hubaki mgumu na wenye kuuma kwa wiki, hata mgonjwa akiwa anacheza nje. Nimeona dawa ikibadilishwa mara mbili kwa sababu tu uvimbe haukupungua, wakati joto lilikuwa limeshuka tangu siku ya pili. Ifuate chati ya joto.

Homa ikiwa bado kali baada ya siku tatu kamili za dawa, jiulize kwa mpangilio huu: dozi ilikuwa sahihi kwa uzito? Ilitolewa kila siku? Mtoki umegeuka kuwa usaha unaohitaji kukamuliwa? Kuna kikohozi kipya? Vyote vikiwa sawa, fikiria usugu au ugonjwa mwingine, ongeza siprofloksasini na utafute majibu ya maabara. Siprofloksasini si ya kubahatisha hapa. Utafiti mkubwa wa Madagaska uliochapishwa 2025 ulionyesha kuwa kwa tauni ya mitoki, siku 10 za vidonge hivyo peke yake hazikuwa duni kuliko kuanza na sindano kisha kuhamia kwenye vidonge hivyohivyo.

Kwa anayechomwa jentamaisini au streptomaisini, muulize kila siku kama masikio yanavuma, kama anasikia kizunguzungu akisimama, na amekojoa mara ngapi. Mkojo ukipungua, acha sindano, hamia doksisaiklini. Furosemaidi usiiongeze bila sababu nzito, kwani huzidisha madhara ya masikio.

Nani apewe dawa ya kinga

Wengi hukosea hapa kwa pande zote mbili. Wengine hugawa doksisaiklini kwa kijiji kizima hadi inakwisha kabla ya mgonjwa wa pili kufika. Wengine hawampi mtu yeyote kwa kuwa mgonjwa wao ana mtoki tu.

Tenganisha watu kwa namna walivyoguswa na hatari. Kundi la kwanza ni waliokuwa ndani ya mita 2 za mtu mwenye tauni anayekohoa, au waliogusa damu, makohozi, usaha au maiti yake bila kinga, katika siku 7 zilizopita. Hawa wapewe dawa leo. Kundi la pili ni wanaoishi nyumba moja na mgonjwa wa mtoki asiyekohoa. Yeye hawaambukizi kwa kukaa nao, lakini viroboto waliomuuma yeye wapo kwenye nyumba yao. Hapa naamua hivi: kama panya wamekufa ndani au wenye nyumba wanaumwa na viroboto, na dawa inatosha, wapewe kinga. Kama dawa ni chache, wapimwe joto asubuhi na jioni kwa siku 7, na waje mara homa ikianza. Kundi la tatu ni majirani, wanafunzi wenzake na abiria waliokaa naye. Kwa mtoki bila kikohozi hawahitaji dawa, wanahitaji kuelezwa dalili.

Swali linalotangulia yote kwa kila mtu ni kama ana homa, kikohozi au tezi inayouma sasa hivi. Akiwa na dalili yoyote kati ya hizo, huyo ni mgonjwa, apewe tiba kamili. Dozi ya kinga kwake ni kumchelewesha.

Kinga ni siku 7. Mtu mzima humeza doksisaiklini miligramu 100 kila baada ya saa 12. Mtoto wa chini ya kilo 45 hupata 2.2 kwa kilo kila baada ya saa 12. Siprofloksasini inafaa pia, miligramu 500 kila baada ya saa 12 kwa mtu mzima. Septrini ni ya akiba pale hizo mbili zisipofaa, na lazima uulize kwanza kama aliwahi kuvimba au kubabuka kwa dawa za salfa.

Turudi kwa mama wa msichana. Shemeji yake alikohoa damu siku mbili na kuzikwa juzi, kwa hiyo waliomuuguza wako ndani ya siku 7. Mama alimlisha. Bibi alishiriki kuuosha mwili. Mke wa marehemu, mwenye mimba ya miezi saba, alilala chumba hicho. Na kuna mtoto wa miezi 10, kilo 8, aliyekuwa mgongoni mwa mama muda wote. Wote wanne ni kundi la kwanza, hata kama msichana mwenyewe hakohoi.

Mama na bibi wapewe doksisaiklini 100 mara mbili kwa siku, vidonge 14 kila mmoja. Mama aendelee kunyonyesha. Mjamzito kwanza apimwe joto na kusikilizwa kifua kwa makini kuliko wote, kwani alikuwa karibu zaidi. Akiwa hana dalili, apewe siprofloksasini miligramu 750 kila baada ya saa 12. Dozi yake ni ya juu kwa sababu mimba hupunguza kiwango cha dawa kwenye damu. Septrini sitampa akiwa na dawa nyingine, kwa kuwa salfa karibu na kujifungua huweza kumzidishia mtoto manjano. Kwa mtoto wa miezi 10 kidonge cha doksisaiklini hakigawanyiki kwa usahihi, hivyo septrini ya maji ndiyo rahisi: miligramu 5 za trimetoprimu kwa kilo, mara mbili kwa siku. Chupa ya kawaida ina miligramu 40 za trimetoprimu katika mililita 5, na yeye anahitaji 40. Basi ni kijiko kimoja cha dawa cha mililita 5, asubuhi na jioni.

Waandike majina, andika siku ya mwisho waliyokuwa karibu na marehemu, na panga mhudumu wa afya wa kijiji awaone kila siku hadi siku ya saba iishe. Asiyefika usimsubiri, mfuate. Mtu aliyeanza homa akiwa kwenye kinga, achukuliwe kuwa na tauni ya mapafu mpaka ionekane vingine.

Nawe mhudumu, kama ulichukua sampuli kwa glavu na hakuna kilichokurukia, huhitaji dawa. Ukijichoma sindano iliyotoka kwenye mtoki, au majimaji yakikuingia jichoni, osha kwa maji mengi na anza kinga siku hiyohiyo. Aliyemhudumia anayekohoa bila barakoa naye aanze.

Taarifa, nguo na panya

Piga simu kwa mratibu wa ufuatiliaji wa magonjwa wa wilaya siku hiyohiyo, kwa kushuku tu, bila kusubiri jibu la maabara. Taja umri, mahali mtoki ulipo, kama kuna kikohozi, vifo nyumbani, na dawa ulizobaki nazo. Hilo la mwisho mara nyingi husahaulika. Siku 10 za jentamaisini kwa mtu mzima mmoja ni zaidi ya ampuli 30.

Nguo alizokuja nazo mgonjwa ziwekwe kwenye mfuko uliofungwa zikiwa na dawa ya kuua viroboto, kisha zifuliwe kwa maji ya moto. Na nyumbani kwao, waambie wasianze kuua panya. Panya akifa, viroboto wake humwacha na kutafuta damu nyingine, na aliye karibu ni mtu aliyelala sakafuni. Unga wa kuua viroboto unyunyizwe kwanza kwenye mashimo ya panya, njia zao, pembe za vyumba na chini ya malalo. Mitego na sumu hufuata baadaye, chini ya timu ya wilaya. Panya aliyekutwa amefia ndani asishikwe kwa mkono mtupu. Anyunyiziwe dawa, ashikwe kwa mfuko wa plastiki, na timu ikimhitaji kwa uchunguzi ahifadhiwe ndani ya mifuko miwili.

Maiti ya mwingine akifariki kwa dalili hizi isioshwe na ndugu kabla timu haijafika. Mweleze mzee wa familia mapema, mgonjwa angali hai, ili mazungumzo hayo yasianzie kwenye kilio. Wapo watakaokubali kuosha wakiwa na glavu, barakoa na maji yenye klorini, wakisimamiwa, na hilo ni bora kuliko katazo litakalovunjwa usiku.

Msichana wetu, joto likikaa chini ya 37.5 kwa siku mbili na anakula, ahamie kwenye nusu kidonge asubuhi na jioni. Aruhusiwe kwenda nyumbani baada tu ya nyumba kunyunyiziwa unga, na arudi siku ya 10 umpapase kinena, umuulize masikio, na uhesabu vidonge vilivyobaki mkononi mwa mama.